Wimbo wa kumwomba mwenzio radhi: namna ya kuchagua maneno yasiyokwepa kosa

Napiga udi na kuimba harusini hapa Lamu, na watu hunijia wakitaka wimbo wa kumpelekea mke au mume aliyekasirika. Karibu wote huulizia sauti kwanza. Wanataka wimbo mtamu, wenye fidla ya kulia. Sauti tamu huisaidia radhi, lakini anayeumia anasikiliza kitu kimoja: je, huyu amelitaja alilonifanyia, au anapita kando? Kwa hiyo tutayashughulikia maneno.

Nitatumia kisa cha kijana mmoja wa mtaa wa Langoni, anayefanya kazi ya mashua. Mkewe alikuwa akidunduliza fedha za kununua cherehani, ameziweka mkebeni. Rafiki wa kijana akaharibikiwa na injini, naye akazitoa zile fedha akamkopesha, bila kumwambia mwenyewe. Mke alipofungua mkebe siku ya kwenda dukani, akakuta umebaki mtupu.

Hatua ya kwanza: liandike kosa kwa sentensi moja

Usitafute wimbo bado. Chukua karatasi uandike ulilofanya, bila "kwa sababu" na bila "lakini". Kijana aliandika: "Nilimsaidia rafiki na mke wangu akakasirika." Hilo si kosa, hiyo ni habari ya wema wake. Tukarudia mpaka ikawa: "Nilichukua fedha za mke wangu bila kumuuliza, nikanyamaza mpaka akagundua mwenyewe." Hapo yapo makosa mawili, na la pili, la kunyamaza, ndilo lililomuuma zaidi mkewe. Wimbo usioligusa la kunyamaza haumfai, hata uwe mzuri vipi.

Hatua ya pili: vipigie mstari vitenzi vya wimbo

Sasa chukua wimbo unaoupenda, uandike maneno yake yote, kisha pigia mstari kila kitenzi kinachohusu kosa. Angalia kinaanza na nini. Ukikuta "nilikosa", "nilificha", "nilivunja", mwimbaji amejitwika mzigo wake. Ukikuta "tulikosana", mzigo umegawanywa kwa wawili, na mwenzio atajiuliza yeye alikosa nini. "Yametokea" ni mbaya zaidi, maana kosa limekuwa kama mvua, halina mwenyewe.

Mistari hii nimeitunga mwenyewe iwe mfano wa yale tunayoyasikia sana:

*Kama nimekukosea, nisamehe wangu moyo*

*Ni watu wametutia, fitina tukahasimu*

*Usiponipa samaha, nitakufa kwa huzuni*

Wa kwanza una "kama". Mkebe uko mtupu, na bado anauliza kama amekosa! Wa pili umewasukumia watu, na kwetu mitaani ni rahisi kuwasingizia watu. Wa tatu ndio unaopendwa sana na ndio ninaoukataa kuliko yote, kwa kuwa unamgeuzia aliyekosewa kazi ya kumwokoa aliyemkosea. Majuto yanasema ulivyomuumiza yeye. Huo unasema utakavyoumia wewe.

Kuhusu mwanamume kutumia wimbo ulioimbwa na mwanamke, au kinyume chake, hakuna tatizo. Kiswahili hakibagui katika "wewe" na "mpenzi". Hakikisha tu hamna "bwana wangu" au "mke mwenzangu" katikati.

Hatua ya tatu: sikiliza kiitikio na beti la mwisho

Watu wengi husikiliza beti la kwanza, wakaguswa, wakatuma. Lakini kinachobaki kichwani ni kiitikio, kwa sababu hurudiwa. Kama beti linakiri kosa na kiitikio kinasema "rudi, rudi", mwenzio ataondoka na amri, si radhi. Beti la mwisho nalo lina hatari yake. Nyimbo nyingi za mapenzi huanza kwa unyenyekevu zikamalizia kwa kulalamika, au kwa kijembe. Na taarabu hasa ina mazoea ya mafumbo: msikilizaji wetu amezoea kuuliza "hili limepigwa kwa nani?" Neno moja la fumbo linatosha kumfanya asikie mpasho pale ulipokusudia kujishusha. Katika wimbo wa radhi fumbo liache, sema waziwazi.

Hatua ya nne: tunga beti lako moja

Wimbo wa mtu mwingine hautataja cherehani. Ndiyo maana humwambia kila anayenijia atunge beti moja fupi la kutangulia ule wimbo aliouchagua. Umbo jepesi ni wimbo wetu wa mistari mitatu: kila mstari mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu, na vina vifanane katikati na mwisho. Hesabu kwa vidole ukitamka polepole: fe-dha-za-che-re-ha-ni-yo. Nane.

Kijana alikuja na mistari miwili mizuri, halafu wa tatu akauandika hivi:

*Nisamehe wangu moyo, shetani kanipitia*

Mizani imetimia, vina vimekaa sawa, lakini kosa limehamia kwa shetani. Tena ameomba msamaha kabla hajasema alichomvunjia mwenzake. Nikamuuliza, "Mkeo alipofungua mkebe, kilivunjika nini?" Akafikiri, akasema, "Mwalimu, aliniamini." Basi tukaliingiza hilo:

*Fedha za cherehaniyo, ni mimi niliyetoa,*
*Sikukwambia mwenziyo, hadi wewe ukajua,*
*Nikauvunja na moyo, ulioniaminia.*

Tazama mpangilio. Mstari wa kwanza ni tendo, wa pili ni kunyamaza, wa tatu ni maumivu ya yule mwingine. Neno "nisamehe" halimo kabisa, na halikuhitajika. Ahadi ya kurudisha fedha pia hatukuitia, kwa kuwa siku ile alikuwa hajarudisha hata shilingi. Ahadi ya wimboni isiyo na kitu mkononi huwa ni deni la pili. Nilimwambia aanze kurudisha kwanza, kiasi chochote, ndipo atume.

Hatua ya tano: namna ya kuufikisha

Ongea kwanza, ana kwa ana, kwa maneno ya kawaida. Wimbo hufuata baadaye, hasira zikipoa kidogo. Urekodi kwa sauti yako, hata kama hujui kuimba: lisome beti, kisha ndipo utume ule wimbo mwingine kwa Watsapu, kwake peke yake. Usiuweke kwenye stetasi. Usiuombe upigwe harusini kwa jina lake, wala usiupige kwa spika barazani. Nyumba zetu za mji wa kale zimebanana, vichochoro vyembamba, jirani anasikia kila kitu, na mtaa mzima ukishausikia wimbo, mke analazimika kukujibu mbele za watu. Hapo hana hiari tena.

Kuna mahali ambapo huwa sitoi wimbo. Aliyempiga mwenzake simtafutii beti. Huyo anahitaji kukaa mbali naye na kukabiliana na alilotenda, mbele ya wazee au sheria. Na kama mwenzio amekuambia usimtafute, basi hata wimbo ni kumtafuta.

Ukishatuma, alama za buluu zikionekana na jibu lisije, usitume wimbo wa pili, wala usiulize "umeusikia?" Yule mke wa Langoni alikaa kimya, kisha akajibu kwa swali moja tu: rafiki atarudisha lini? Kijana alitaka nimtafutie wimbo mwingine wa kujibu. Nikamwambia ampe tarehe.