Barua ya kazi ukiwa na programu moja tu Play Store

Kama ulijifunza mwenyewe kutengeneza programu za simu, usimalize aya nzima ukitaja kozi. Weka kiungo cha Play Store mwanzoni, kisha eleza tatizo moja ulilotatua. Mfano:

"Mtandao ulipokatika, mweka hazina wa kikoba alipoteza michango aliyoingiza. Sasa programu huihifadhi kwanza kwenye simu kwa Room, halafu WorkManager huituma mtandao ukirudi. Kila mchango una namba yake ya kipekee, hivyo hata ukitumwa mara mbili unahesabiwa mara moja."

Sentensi ya mwisho ndiyo atakayoishika msaili, maana wanaoanza wengi huisahau hatua hiyo. Waliopakua ni wachache? Usiwaongeze, Play Store yenyewe huonyesha kiwango, mfano 10+ au 50+.