SOMO: Barua ya kuomba marufuku ya kusafiri iondolewe baada ya kukubaliana na KRA kuhusu deni la kampuni

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara sita inboksi, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Ni kwa Kenya tu. Msingi ni kifungu cha 45 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015: Kamishna akiwa na sababu za kuamini kwamba mtu ataondoka nchini bila kodi kulipwa, iwe yake au ya kampuni anayoidhibiti, humwandikia mkuu wa Uhamiaji amri ya kumzuia. Sheria hiyo hiyo inamtaka Kamishna aiondoe amri deni likilipwa, au mpango wa kuridhisha wa kulilipa ukifanywa.

1. Pata nakala ya amri. Soma jina, kiasi na nambari ya kumbukumbu.

2. Linganisha kiasi hicho na leja yako ya iTax.

3. Omba kulipa kwa awamu, kwa maandishi, chini ya kifungu cha 33. Subiri kibali cha maandishi. "Sawa" ya kwenye simu haitoshi.

4. Lipa awamu ya kwanza, weka risiti.

5. Andika barua. Hapa ndipo nilipokosea, nikamponza mteja. Kampuni yake ilidaiwa 4,800,000. Tulikubaliana alipe 1,200,000 papo hapo, na 3,600,000 zilizobaki kwa miezi 12, yaani 300,000 kila mwezi, riba ikiendelea kuhesabiwa juu yake. Nikaandika barua kwa jina la kampuni, PIN ya kampuni, nikiomba "hatua zote za kukusanya deni zisitishwe". Akaunti ya benki iliyokuwa imezuiwa ikafunguliwa. Yeye akakata tiketi, akafika dirisha la Uhamiaji na mizigo imeshapakiwa, afisa akaandika nambari ya pasipoti, akamwambia akae pembeni. Jina lake lilikuwa bado limo. Amri ilimfunga yeye, mtu, na barua yangu haikumtaja popote.

Basi barua imtaje mkurugenzi kwa majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, nambari ya pasipoti, PIN yake na ya kampuni, na nambari ya amri. Kiini chake kiwe hivi:

"Narejelea amri Na. … ya tarehe … iliyotolewa dhidi yangu kwa deni la kodi la kampuni …, Sh 4,800,000. Mlikubali mpango wa malipo kwa barua yenu ya tarehe …, na awamu ya kwanza ya Sh 1,200,000 imelipwa (risiti imeambatishwa). Kwa kuwa mpango wa kuridhisha umefanywa, naomba amri hiyo iondolewe chini ya kifungu cha 45, Uhamiaji waarifiwe kwa maandishi, nami nipewe nakala. Naomba pia pasipoti yangu irejeshwe."

Hiyo sentensi ya mwisho ni kwa waliozuiliwa pasipoti. USIKATE tiketi kwa sababu KRA wamekubali. Amri inatoka ofisi moja na kutekelezwa na nyingine. Ukishapata nakala ya barua ya kuiondoa, nenda nayo Uhamiaji, Nyayo House, uhakikishe jina limetolewa. Siku ya safari ibebe mkononi, si kwenye sanduku.

MASWALI

Mzigo_Mombasa: Mkuu nitumie barua kamili nijaze jina tu, nasafiri Ijumaa.
Jibu: Iko hatua ya 5. Una kibali cha awamu?
Mzigo_Mombasa: Bado, lakini nitalipa nikirudi.
Jibu: Hilo ndilo hasa amri inazuia. Anza hatua ya 3, uahirishe Ijumaa.

Binti_Ukunda: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkurugenzi lakini nina hisa 10 tu kati ya 100. Wanaweza kunizuia?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Kifungu kinamtaja mwanachama anayeidhibiti kampuni, yaani mwenye nusu au zaidi ya kura, gawio au mtaji. Cheo cha ukurugenzi peke yake si udhibiti. Ila angalia: hisa za watu wenye uhusiano nawe hujumlishwa na zako. Mumeo akiwa na 45, mna 55. Kama huna uhusiano na wenzako, ambatisha orodha ya wanahisa kutoka kwa Msajili wa Kampuni, useme hivyo waziwazi. Hiyo ni hoja tofauti na ya mpango wa malipo, iandikie aya yake.

Karani_Thika: Awamu moja ikichelewa?
Jibu: Salio lote linadaiwa papo hapo, na hakuna kinachowazuia kutoa amri mpya. Mteja wangu huweka 300,000 za mwezi kwenye akaunti ya pembeni siku wateja wake wanapolipa.

Karani_Thika: Nami niongeze: kodi za mwezi huu zisisahaulike. Sisi tulilipa awamu vizuri, kodi ya mishahara ya miezi miwili ikalala, deni jipya likazaliwa.
Jibu: Kweli kabisa. Mpango hufunika deni la zamani tu. Ya mishahara ni kufikia tarehe 9, ya ongezeko la thamani tarehe 20.