Jinsi ya kuandika mkataba wa kuuziana kiwanja: vipimo, awamu za malipo na dhamana za muuzaji

Hii nimeiandika baada ya kumsaidia binamu yangu kununua kiwanja kwa mtu binafsi, hakuna kampuni wala dalali katikati. Muuzaji alikuja na mkataba wa ukurasa mmoja wa kudownlodi, una majina, bei na nafasi ya sahihi basi. Fomu za kuhamisha umiliki, kodi za mauzo na nani lazima ashuhudie hizo ni sheria za mahali kiwanja kilipo, uliza wakili au ofisi ya ardhi ya huko. Mimi nazungumzia kile mnachokubaliana nyie wawili.

Hatua ya 1: Wahusika

Majina kama yalivyo kwenye kitambulisho na kwenye hati, namba ya kitambulisho, anwani, simu. Kama jina la kwenye hati limetofautiana hata herufi moja na la kitambulisho, lisawazishwe kabla hamjaendelea. Kama kiwanja ni cha wawili basi wote wawili wanasaini, na kama muuzaji ana mwenza wa ndoa, pata ridhaa yake kwa maandishi hata kama jina lake halipo kwenye hati. Twende.

Hatua ya 2: Eleza kiwanja hadi mtu asiyekijua aweze kukipata

Anza na namba ya kiwanja, namba ya hati na namba ya ramani ya upimaji, alafu namba za bikoni za kila kona kama zipo, na nani yuko kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Usiandike "kiwanja kilichopo karibu na mti mkubwa", mti unakatwa. Na tafadhali msiandike kona kwa kutumia GPS ya simu, simu hata ukiwa sehemu ya wazi inaweza kukosea mita 5 hivi, ambayo kwenye kiwanja kidogo ni chumba kizima. Simu itumie kumwonyesha mtu njia ya kufika, kona mwachie mpima ardhi.

Sasa kwenye vipimo ndo watu wengi wanapigwa bila kujua. Mkataba wa binamu ulisema kiwanja ni mita 20 kwa 30, kwahiyo mita za mraba 600. Tukavuta tepu (ya chuma, zile za kitambaa zinavutika) pande zote nne, kweli ni 20, 30, 20, 30. Kila mtu akafurahi. Shida ni kwamba pande nne peke yake hazikwambii eneo, kwasababu umbo la pande nne linaweza kulala upande pande zikabaki na urefu uleule. Lazima upime na mshazari, yani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Kama kona zote ni za nyuzi 90, kiwanja cha 20 kwa 30 kina mshazari wa mita 36.06. Cha kwetu mshazari mfupi ulikuwa mita 28. Ukishapata mshazari unakuwa na pembetatu mbili, na kila pembetatu unaipigia hivi:

```
s = (a + b + c) / 2
eneo = √( s × (s−a) × (s−b) × (s−c) )
```

Weka a=20, b=30, c=28: s ni 39, na eneo linatoka 270.85. Mara mbili ni mita za mraba 541.7. Zimepotea 58.3 na hakuna aliyedanganya kuhusu urefu wa upande wowote. Hii ni ya kushtukia tu, ukiona mshazari hauendani ita mpima rasmi, usibishane na muuzaji kwa kalkuleta.

Alafu ndani ya mkataba weka wazi kama mnauziana kwa mita au kwa jumla. Mimi napendelea kwa mita, na naandika hivi: "Bei imekokotolewa kwa eneo la mita za mraba 600. Upimaji rasmi ukionyesha tofauti inayozidi asilimia 2, bei itapanda au kushuka kwa uwiano huo." Asilimia 2 hapo ni mita za mraba 12, chini ya hapo hakuna haja ya kugombana. Ramani iambatanishwe kama kiambatisho na wote muisaini.

Hatua ya 3: Bei

Kwa tarakimu na kwa maneno, na sarafu gani. Nani analipa upimaji, wakili, kodi na ada za uhamisho, kila moja itajwe, msiandike "gharama zote" mkaacha hewani. Kwenye mfano wetu tuseme bei ni 24,000,000, ambayo ni 40,000 kwa mita ya mraba. Zile mita 58.3 zilizopotea zina thamani ya 2,332,000, kwahiyo unaona kwanini nimeng'ang'ana na mshazari.

Hatua ya 4: Awamu za malipo (hapa usikimbie)

Mikataba mingi inasema "nusu leo, iliyobaki ndani ya miezi mitatu". Hapo miezi mitatu ikifika mnunuzi anadaiwa hata kama muuzaji hajafanya chochote, hati hajaleta, deni hajafuta. Kanuni yangu ni kwamba kila awamu ifunguliwe na tukio linaloacha karatasi, na tarehe iwe ni kikomo tu cha kusubiri hilo tukio. Ziwekeni kwenye jedwali ndani ya mkataba, maelezo ya aya ndefu yanaficha mianya. Ya kwetu ilikuwa hivi:

Arbuni asilimia 10, yani 2,400,000, siku ya kusaini, baada ya mnunuzi kupata majibu mapya ya upekuzi, yani kukagua rejista kujua mmiliki ni nani na kama kuna deni, kutoka ofisi ya ardhi na hati halisi kukabidhiwa kwa wakili atakayeishika kwa niaba ya wote.

Asilimia 40, yani 9,600,000, ndani ya siku 7 baada ya ripoti ya mpima kuthibitisha mipaka, risiti za kodi ya ardhi kuonyesha hakuna deni, na muuzaji kusaini fomu za uhamisho zinazobaki kwa wakili.

Asilimia 40 nyingine, 9,600,000, ofisi ya ardhi ikishapokea maombi ya uhamisho na kutoa stakabadhi.

Asilimia 10 ya mwisho, 2,400,000, hati ikitoka kwa jina la mnunuzi na kiwanja kikakabidhiwa kikiwa kitupu.

Inaonekana rahisi, lakini tulikwama pale upekuzi ulipoonyesha kiwanja kimewekwa rehani benki na mkopo uliobaki ni 5,000,000. Muuzaji anasema nilipe nimalize mkopo, mnunuzi anasema maliza mkopo ndo nilipe, na wote wana haki. Ubishi huu unaweza kuchukua wiki nzima kama mkataba hauna jibu. Njia inayofanya kazi ni hii. Muuzaji anaiomba benki barua inayotaja kiasi kamili cha kumaliza deni, hadi tarehe gani kiasi hicho ni halali (riba inaendelea kuongezeka kila siku), na kwamba ikilipwa benki itaondoa rehani na kuachia hati. Mkataba unasema sehemu hiyo ya awamu ya pili inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, haipiti mkononi mwa muuzaji, na inahesabika kama amelipwa yeye. Kwahiyo kati ya 9,600,000, benki inapata 5,000,000 na muuzaji 4,600,000, na hizo za muuzaji zinatoka rehani ikishafutwa kwenye rejista. Barua peke yake haitoshi, rehani inaweza kuwa imelipwa na bado inasomeka kwenye rejista. Na kama hati halisi iko benki basi ile sharti ya awamu ya kwanza ya hati kukaa kwa wakili haiwezekani, ibadilishe: arbuni nayo ikae kwenye akaunti ya wakili mpaka benki iachie hati. Ukiisahau hiyo, mkataba wako unadai kitu ambacho siku ya kusaini hakipo.

Kila awamu iwe na jibu la swali moja: tukio lisipotokea inakuwaje? Ya kwetu ilisema uhamisho usipopokelewa ndani ya siku 120 tangu kusaini, na kosa sio la mnunuzi, ana hiari ya kuongeza muda au kuvunja mkataba na kurudishiwa kila kitu ndani ya siku 14. Na upande wa pili pia, mnunuzi akichelewa kulipa wakati karatasi ziko tayari, anapewa notisi ya maandishi ya siku 14, akikaa kimya muuzaji anavunja na kubaki na arbuni tu, nyingine anarudisha. Ukiandika ya kumlinda upande mmoja peke yake, mwingine akiwa na wakili mzuri atakurudisha mezani.

Pesa zipite benki, maelezo ya malipo yataje namba ya kiwanja na awamu. Keshi hata kama ni kidogo mimi sikubali, mtu wa keshi akikataa baadae unabaki na mashahidi wanaokumbuka tofauti.

Hatua ya 5: Dhamana za muuzaji

Sentensi "kiwanja hakina mgogoro" haina kazi kubwa, maana kila mtu ana mgogoro wake kichwani. Vunja vipande: mimi ndiye mmiliki pekee, sijamuuzia wala kumwahidi mtu mwingine, hakuna rehani zaidi ya ile iliyotajwa, hakuna kesi wala zuio, hakuna mtu anayeishi au kulima humo, hakuna njia ya majirani inayopita ndani, sijapokea notisi yoyote ya kuchukuliwa kwa matumizi ya umma. Muuzaji akitaka kuongeza "kwa kadiri ninavyojua", mkubalie kwenye ile notisi, lakini kwenye umiliki na kuuza mara mbili hapana, hayo anayajua vizuri.

Andika kwamba dhamana ni za kweli siku ya kusaini na siku ya malipo ya mwisho, maana kesi inaweza kufunguliwa katikati. Alafu taja matokeo: moja ikiwa ya uongo, muuzaji anarudisha pesa zote pamoja na gharama za upimaji, wakili na ujenzi uliofanyika kwa nia njema. Ila tuambiane ukweli, muuzaji akishatumia pesa dhamana inabaki karatasi, ndo maana ile asilimia 10 ya mwisho ni muhimu. Mkataba useme mnunuzi anaweza kuzuia humo gharama ya kurekebisha kasoro, kwa mfano kumtoa mtu aliyelima mahindi akagoma kuondoka. Binamu alitaka kuifanya asilimia 30, muuzaji akakataa, na nadhani alikuwa sahihi.

Hatua ya 6: Kusaini

Sahihi kila ukurasa pamoja na viambatisho, marekebisho ya kalamu yawekewe sahihi na wote pembeni. Mashahidi wawili wasio ndugu wa upande wowote. Nakala za kutosha, moja ibaki kwa wakili. Rudieni upekuzi asubuhi ya siku hiyohiyo kabla pesa ya kwanza haijatoka, ule wa mwezi uliopita umeshapitwa na wakati.