Somo: Namna ya kuandika umri wa mtoto mwomba hifadhi aliyefika peke yake, na mahali nilipokosea

Ndugu wanachama,

Karibu kila juma napokea swali lile lile kutoka kwa walezi walioteuliwa karibuni: mtoto anasema ana miaka 16, ofisa anasema ni mtu mzima, nifanye nini? Nimelijibu mmoja mmoja hadi nimechoka, na kwa kuwa majibu ya haraka huacha mambo nje, naliandika hapa lote kwa pamoja. Sheria za nchi hutofautiana, lakini msingi ni Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, pamoja na Maoni ya Jumla Namba 6 ambayo Kamati ya Haki za Mtoto iliyatoa mwaka 2005 kuhusu watoto walio nje ya nchi zao bila wazazi. Somo lenyewe ni moja tu: jinsi maelezo ya mtoto kuhusu umri wake yanavyosafiri kutoka mdomoni mwake hadi kwenye jalada bila kuharibiwa njiani, hata na sisi tulio upande wake.

Hatua ya 1. Hakikisha una barua ya uteuzi mkononi kabla ya tathmini ya umri kuanza, si baada yake.

Hatua ya 2. Pata mkalimani wa lugha anayoiota mtoto, si lugha ya taifa lake tu.

Hatua ya 3. Usianze na "Ulizaliwa lini?" Muulize: "Umri wako uliujuaje? Nani alikuambia?" Mtoto aliyeambiwa na mama yake kwamba alizaliwa mwaka wa ukame ana jibu la kweli, ila halina tarehe. Ukimlazimisha kutoa tarehe ataitunga ili akuridhishe, na tarehe hiyo ya kutunga ndiyo itakayomfuata hadi rufaa. Muulize nani alizaliwa kabla yake na nani baada yake, alianza shule lini na kwa muda gani, na mdogo wake alikuwa anatambaa au anatembea alipoondoka nyumbani. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Hatua ya 4. Kalenda. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba msome polepole.

Nilikuwa mlezi wa kijana kutoka Ethiopia. Aliniambia kwamba alizaliwa mwezi wa Tir mwaka 2000, na kwamba alianza darasa la kwanza Meskerem 2007 akiwa na miaka 6. Mahojiano yake yalikuwa Novemba 2024. Tayari kulikuwa na tatizo moja: ofisa wa mpakani alikuwa ameandika "2000" bila kuuliza ni kalenda gani, kwa hiyo kwenye karatasi kijana alikuwa mtu wa miaka 24. Kosa hilo nililiona mara moja na nikajiona hodari. Nilijua kwamba kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya hii ya kimataifa kwa miaka 7, basi nikaongeza 7, nikaandika "Januari 2007" kwenye jedwali la tarehe zake, nikatia sahihi na kuikabidhi.

Nilichosahau ni kwamba mwaka wa Ethiopia huanza tarehe 11 Septemba, au 12 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu wa siku 366. Kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa Desemba unaongeza 7, lakini kuanzia Januari hadi mwaka wao unapokwisha unaongeza 8. Tir huanguka kati ya Januari na Februari. Kwa hiyo Tir 2000 ni mwanzoni mwa 2008, na siku ya mahojiano kijana alikuwa na miaka 16 na miezi kama 9 au 10. Kwa hesabu yangu alikuwa na miaka 17 na miezi 10, yaani amebakiza takriban miezi miwili avuke 18, na pamoja nayo apoteze mlezi, makazi ya watoto na utaratibu wa watoto.

Meskerem 2007, kwa upande mwingine, ni Septemba 2014, na huo niliubadilisha sawasawa. Matokeo yake ni kwamba jedwali langu lilionyesha mtoto aliyeanza shule akiwa na miaka 7 na miezi kama 8, wakati mwenyewe alisema 6. Ofisa aliiona tofauti hiyo. Alimuuliza, bila ukali wowote: "Mlezi wako ameandika Januari 2007. Wewe unasema ulianza shule na miaka 6. Mbona hazikubaliani?" Kijana alinitazama. Aliiona karatasi yangu mezani, akaangalia tena mikono yake, akasema kwa sauti ya chini: "Basi labda nilikuwa na 7."

Alikuwa anasema kweli, na akaiacha kweli yake kwa heshima yangu. Katika kumbukumbu za mahojiano sentensi ile ilisomeka kama mtu aliyebadilisha maelezo baada ya kubanwa. Niligundua kosa usiku ule, na kesho yake nikawasilisha maelezo ya maandishi yenye sahihi yangu, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari ambamo maneno yake ya kwanza yalikuwa yameandikwa. Mwaka wa kuzaliwa ulisahihishwa. Lakini "labda nilikuwa na 7" haikufutwa, na wakili alilazimika kuieleza tena na tena, hata pale ambapo mada ilikuwa sababu za kukimbia na si umri.

Kwa hiyo:

- Andika kwanza tarehe kwa kalenda ya mtoto, kwa maneno yake. Ubadilishaji uweke safu ya pili, na uandike ni nani aliyeufanya.
- Badilisha mwezi na mwaka pamoja. Kama mtoto hajui mwezi, andika miaka yote miwili inayowezekana, wala usichague mmoja.
- Msomee mtoto jedwali lote kupitia mkalimani kabla halijatoka mikononi mwako, na mwambie waziwazi kwamba ana ruhusa ya kukukosoa. Mwambie tena siku ya mahojiano.

Hatua ya 5. Mifupa na meno. Wakipendekeza picha ya eksirei, uliza ni ya kiungo gani na italinganishwa na nini. Picha ya kifundo cha mkono wa kushoto mara nyingi hulinganishwa na atlasi ya Greulich na Pyle, ambayo toleo lake la pili ni la 1959, na ambayo ilitokana na watoto wa familia za Wazungu zenye uwezo katika mji mmoja wa Marekani. Atlasi hiyo ilikusudiwa kumwonyesha daktari kama mifupa ya mtoto ambaye umri wake unajulikana inakua mapema au inachelewa. Kuigeuza ili itaje umri usiojulikana ni kazi nyingine kabisa. Kwa baadhi ya wavulana mifupa ya mkono hukamilika kabla ya 18, kwa hiyo ripoti inayosema "mifupa imekomaa" haisemi kwamba mtoto ni mtu mzima. Dai ripoti itaje kiwango cha kukosea kwa miaka. Ikiwa umri alioutaja mtoto umo ndani ya kiwango hicho, ripoti haijampinga. Mwaka 2017 Kamati ya Haki za Mtoto, pamoja na Kamati ya Wafanyakazi Wahamiaji, ilizitaka nchi zijiepushe na vipimo vya mifupa na meno kwa sababu hiyo, na shaka inapobaki, mtu ahesabiwe kuwa mtoto.

Hatua ya 6. Mwishoni mwa mahojiano, omba kumbukumbu zisomwe kwa lugha ya mtoto, na masahihisho yaandikwe siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mlezi Mpya: Somo refu. Kwa kifupi natoa 7 au 8?

Mwandishi: Hutoi, unaongeza. Ni 7 au 8 kutegemea mwezi. Rudi Hatua ya 4, kwa maana kifupi ndicho kilichomponza kijana wangu.

Msikilizaji: Nashukuru sana, mwalimu. Mimi nina mtoto kutoka Afghanistan, aliyesema alizaliwa 1386. Je, kanuni ni ile ile?

Mwandishi: Swali zuri, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika. Mantiki ni ile ile ila namba ni nyingine. Mwaka wao wa jua huanza karibu na tarehe 21 Machi. Kuanzia hapo hadi Desemba unaongeza 621, na kuanzia Januari hadi mwaka unapokwisha unaongeza 622. Kwa hiyo 1386 bila mwezi ni kati ya Machi 2007 na Machi 2008, na ndivyo uandike. Ongeza swali moja: anahesabu umri kwa mwaka wa jua au kwa Ramadhani alizopitia? Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo aliyepitia miaka 17 ya namna hiyo ana takriban miaka 16 na nusu. Mtoto wa aina hii akisema 17 mahali pamoja na 16 mahali pengine, huenda hajajipinga hata kidogo.

Mkweli Daima: Tuseme ukweli. Wa kwangu ana ndevu na sauti nzito. Tunapotezeana muda.

Mwandishi: Ndevu si cheti cha kuzaliwa. Hukuteuliwa kuwa mpimaji wa umri, umeteuliwa kulinda maslahi yake. Kama huwezi kufanya hivyo kwa mtoto huyu, iarifu mamlaka iliyokuteua leo ili apewe mlezi mwingine.

Mkweli Daima: Nilikuwa nauliza tu.

Mwandishi: Nami nimejibu.

Dada wa Makazi: Mahojiano yakiwa magumu, mlezi aruhusiwe kumjibia? Na je, si bora tumfundishe majibu mapema asije akababaika?

Mwandishi: Yote mawili hapana, dada. Ibara ya 12 ya Mkataba inampa mtoto haki ya kusikilizwa yeye. Kazi yako ni kuomba mapumziko, kusema swali halikueleweka, na kuangalia kama mkalimani anafupisha. Hoja za sheria ni za wakili, ambaye ni mtu mwingine na si wewe. Kuhusu kufundisha, mtoto anayesimulia alichokiona huruka mambo, hurudi nyuma, hukumbuka rangi ya gari akasahau mwezi. Aliyefundishwa hueleza kwa mpangilio ule ule na maneno yale yale kila mara, na ofisa mzoefu hulitambua. Mzoeshe badala yake kusema "sijui" na "sikumbuki" bila aibu. Watoto wengi hudhani majibu hayo ni makosa.

Mkalimani: Naongeza moja. Waethiopia wengi huhesabu saa tangu macheo, kama sisi tunavyofanya kwa Kiswahili. Mtoto alisema askari walikuja saa 2, mwenzangu akatafsiri saa 2 kwa hesabu ya kimataifa, na ofisa akaandika usiku wa manane. Baadaye mtoto akaeleza kwamba jua lilikuwa limeshachomoza, akaulizwa kwa nini anabadilisha habari.

Mwandishi: Asante sana. Hili sikuwa nimelifikiria, nami nimelihesabu kuwa sehemu ya Hatua ya 4. Kila saa iandikwe hivi: "saa 2 tangu macheo, kwa maneno ya mtoto", kisha safu ya pili "8:00". Na huyo mtoto wako, kama uamuzi haujatoka, mwambie mlezi wake aombe kumbukumbu zisahihishwe sasa, nawe uandike barua fupi kueleza jinsi tafsiri ilivyokwenda.