Kabla ya kuprinti kadi za msamiati pande mbili

Tuseme unaandaa kadi kubwa za darasani hapa Kigoma: mbele neno, nyuma maana yake. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Ukiacha milimita 10 kushoto na 10 kulia, kisha 13.5 juu na 13.5 chini, jedwali la safu mbili na mistari mitatu linakupa kadi sita za milimita 95 kwa 90. Pambizo za kushoto na kulia lazima zilingane. Ukiacha 10 upande mmoja na 20 mwingine, nyuma itasogea kwa milimita 10 karatasi ikigeuzwa.

Kinachowachanganya wengi ni mpangilio wa nyuma. Mstari wa kwanza wa mbele una "dagaa" kushoto na "mgebuka" kulia. Karatasi ikigeuzwa kama ukurasa wa daftari, kushoto huwa kulia. Kwa hiyo ukurasa wa nyuma uanze na maana ya mgebuka, ndipo ifuate ya dagaa. Fanya hivyo hivyo kwa "sangala" na "karabai", halafu "mchikichi" na "mawese". Mistari haibadilishani nafasi, ni safu tu. Karatasi ya mwisho ikiwa na neno moja tu upande wa kushoto, maana yake ikae kulia na chumba cha kushoto kibaki kitupu, usikifute.

Mpangilio huo unahitaji "Flip on long edge". Ukichaguliwa "Flip on short edge", maana ya mgebuka itaangukia nyuma ya mchikichi, tena kichwa chini. Ukubwa uwe "Actual size", maana "Fit" hupunguza jedwali na vipimo vyako vinapotea. Kazi ipeleke stesheneri ikiwa PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, mistari ya jedwali inaweza kurefuka.

Usiagize zote kabla ya kuprinti karatasi moja ya majaribio, na hiyo iwe na mistari ya jedwali pande zote mbili. Toboa kwa pini kwenye makutano ya mistari upande wa mbele, kisha geuza. Tundu zote zikiwa milimita 2 kushoto mwa makutano ya nyuma, sogeza jedwali la nyuma kushoto: pambizo ya kushoto iwe 8, ya kulia 12. Tofauti ikiwa inakua kadiri unavyokwenda ukingoni, tatizo ni ukubwa, rudi kwenye "Actual size". Ikiwa kila karatasi inahama kivyake, mashine ndiyo inayovuta karatasi vibaya, na pambizo hazitakusaidia.

Hata mashine nzuri huhama kidogo. Ndiyo maana kwenye nakala za mwisho mimi huacha mistari ya kukatia mbele tu, nikaifuta nyuma, na maandishi nayaweka katikati yakiwa mbali na ukingo kwa milimita 8 au zaidi. Maana ikisogea milimita moja haitaonekana, lakini fremu iliyosogea kiasi hicho huonekana mara moja.

Kama stesheneri inageuza karatasi kwa mkono, weka alama ya penseli kwenye kona ya karatasi ya majaribio, mwangalie fundi anavyoirudisha kwenye trei, na umwombe arudishe zote vivyo hivyo. Kwa manila, afanye jaribio kwa manila yenyewe, kwa kuwa mashine huivuta tofauti na karatasi nyepesi.