Mtu amezimia ndani ya karo au kisima: jinsi ya kupiga 114, kumtoa, na kupima gesi

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia msimamizi mmoja wa nyumba za kupanga hapa Dar es Salaam kuandaa utaratibu wa mafundi wanaosafisha makaro yake. Alikuwa na mifuniko mipya, buti na glovu za kutosha, ila hakuna aliyejua angesema nini kwenye simu siku mtu akidondokea chini. Nazungumzia karo la majitaka la nyumbani. Yanayobadilika kwa kisima kirefu nitayataja njiani.

Hatua ya 1: Zuia mtu wa pili asishuke

Simama mdomoni mwa shimo, uzuie watu hata kwa kuwashika mikono. Fundi akinyamaza chini, msaidizi wake hushuka akidhani mwenzake ameteleza tu, na ndugu anafuata. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ilitoa onyo kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu finyu za namna hii walikuwa waokoaji. Gesi ya karo, hidrojeni salfaidi, ikizidi sana huangusha mtu kwa pumzi chache, kwa hiyo kusema "naziba pua nashuka mara moja" hakusaidii. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Ile yenye vichungio nayo haitengenezi oksijeni mahali ambapo oksijeni imepungua.

Zima sigara, jiko na kila moto ulio karibu. Mwite fundi kwa sauti. Akijibu, mshushie kamba yenye kitanzi ajivishe kwapani, mumvute mkiwa juu.

Hatua ya 2: Piga simu, useme maneno yanayoleta vifaa sahihi

Hapa ndipo dakika nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114. Namba ya jumla ya dharura ya Polisi ni 112. Anza na 114, kwa sababu ndio wenye mitungi ya hewa ya kubeba mgongoni. Mwingine aliye karibu apige 112 wakati wewe unaongea, asisubiri umalize.

Ukisema "kuna mtu ametumbukia shimoni," anayepokea anaweza kuelewa kwamba mtu amevunjika mguu au anazama, na vifaa vikaandaliwa kwa ajili hiyo. Sentensi yako ya kwanza ibebe mambo matatu: yuko ndani, amezimia, ni gesi. Mimi hufundisha iwe hivi:

"Afande, fundi amezimia kwa gesi ndani ya karo la majitaka, hajatoka. Tunahitaji waokoaji wenye mitungi ya hewa. Tupo Tabata, nakupa maelekezo."

Baada ya hapo ndipo utoe maelezo mengine: watu wangapi wako chini, kina cha shimo, upana wa mdomo wake, kama kuna maji au tope na limefika wapi mwilini mwa mtu, kama amevaa mkanda wenye kamba, na kama bado anakoroma au amenyamaza kabisa. Upana wa mdomo husahaulika kila mara, na una uzito wake: mwokoaji mwenye mtungi mgongoni hapiti kwenye mdomo mwembamba, kwa hiyo akijua mapema atakuja na nyundo na tindo za kupanulia. Kwa kisima, taja pia kama kuna pampu ya petroli iliyokuwa ikiunguruma ndani au karibu na mdomo. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na hospitali wanahitaji kuijua.

Halafu mahali. Mitaa yetu mingi huwezi kuieleza kwa jina la barabara pekee. Soma namba iliyo kwenye kibao cha anwani za makazi ukutani, kisha taja mtaa, kata, na kitu ambacho dereva atakiona akiwa barabara kubwa: kituo cha daladala, msikiti, sheli. Sema kama kichochoro kinapitisha gari kubwa au litaishia wapi. Mtume kijana wa bodaboda asimame pale njia inapoachana na lami, akiwa na namba yako ya simu. Kutuma ramani kwa WhatsApp ni nyongeza nzuri, ila usiitegemee, kwa sababu anayepokea 114 huenda asiione.

Usikate simu kabla hujaambiwa. Ukimaliza, usiitumie kupigia ndugu wala kurekodi video. Gari likipotea njia, dereva atapiga namba hiyohiyo.

Hatua ya 3: Peleka hewa chini wakati mnasubiri

Fungua mifuniko yote ya karo, sio mmoja. Chukua feni ya kusukuma hewa yenye mpira mpana wa turubai, iweke juu upande unakotoka upepo, na mdomo wa mpira ufike karibu na kichwa cha aliyezimia. Sukuma hewa safi iingie. Usiivute gesi itoke kupitia kwenye feni, maana methani ikifika kwenye mota yenye cheche inaweza kulipuka. Jenereta ya kuendeshea feni ikae mbali, moshi wake usirudi shimoni.

Kuna wanaokimbilia mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji wakaufungulia ndani. Usifanye hivyo hata kidogo. Oksijeni ikizidi, nguo na mafuta hushika moto kwa cheche ndogo.

Hatua ya 4: Kumtoa

Kama alishuka amevaa mkanda wa mwili mzima, ule unaopita mabegani na mapajani wenye pete mgongoni, na kamba imefungwa kwenye winchi ya miguu mitatu juu ya shimo, mnamtoa bila mtu kushuka. Zungusheni taratibu, mmoja akiangalia kichwa kisigonge ukingo. Kwangu mimi hiki ndicho kifaa cha kununua kwanza, hata kabla ya kipima gesi, na mkanda wa kiunoni pekee siukubali: mtu aliyelegea hukunjika katikati, akakwama mdomoni.

Kama hana mkanda, wasubirini Zimamoto.

Hatua ya 5: Akishafika juu

Mpelekeni mbali na mdomo wa shimo, mumvue nguo zilizolowa tope. Kama anapumua, mlazeni ubavu. Kama hapumui, au anatweta mara mojamoja, bana kifua katikati kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mibano 30 mpe pumzi 2 kwa ambu bagi, ule mfuko wa kukamua unaosukuma hewa mapafuni, au kwa barakoa yenye vali. Kwa gesi ya karo sishauri mdomo kwa mdomo. Bila kifaa, endelea kubana bila kukoma mkipokezana.

Akizinduka akasema yuko sawa, bado aende hospitali. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Angalia sarafu zilizokuwa mfukoni mwake: zikiwa zimegeuka nyeusi, mwambie daktari, ni dalili ya hidrojeni salfaidi. Polisi watatoa fomu ya PF3, lakini matibabu ya dharura hayaisubiri. Mgonjwa aende, mtu mwingine afuatilie fomu.

Hatua ya 6: Vipimo vya gesi, kabla ya kazi nyingine yoyote

Usitumie mshumaa wala chemli. Mwali huzimika oksijeni ikishapungua sana, hauonyeshi hidrojeni salfaidi, na palipo na methani ndio unaowasha mlipuko. Pua nayo si kipimo. Harufu ya yai bovu husikika gesi ikiwa kidogo, lakini ikikaribia sehemu 100 kwa milioni ya hewa, yaani 100 ppm, mishipa ya kunusa hupooza, mtu akaamini gesi imeisha kumbe imeongezeka.

Tumia kipima gesi cha gesi nne, chenye pampu na mpira wa kushusha. Kwenye kioo utasoma O2, yaani oksijeni kwa asilimia; LEL, yaani gesi ya kuwaka kama methani, kwa asilimia ya kiwango cha chini kinachoweza kulipuka; CO, kaboni monoksaidi, na H2S, hidrojeni salfaidi, zote mbili kwa ppm. Kiwashe kwenye hewa safi: O2 isome 20.9, nyingine 0. Kisha kijaribu kwa gesi ya majaribio kabla ya kazi, kwa sababu kihisio kilichokufa nacho husoma 0, na sifuri ya namna hiyo inaua. Mipaka ninayoifuata ni hii: O2 kati ya 19.5 na 23.5, LEL chini ya 10, CO chini ya 35, H2S chini ya 10.

Shusha mpira kwa vituo: mdomoni, katikati, na kama sentimita 30 juu ya tope ili usinyonye maji. Subiri dakika mbili kila kituo, na zaidi kama mpira ni mrefu, kwa kuwa hewa ya chini huchukua muda kufika kwenye kihisio. Chukua mfano wa karo la mita 3 kwenda chini. Mdomoni unasoma O2 20.8 na H2S 2. Katikati 20.1 na 9. Chini 18.6 na 45. Aliyepima mdomoni tu angesema salama. Unaweka feni, unapima tena, chini unapata 20.9 na 0.

Hapo ndipo wengi huzima feni na kumruhusu fundi ashuke, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Gesi imefungwa ndani ya tope, na koleo likilitibua hufumuka kama soda iliyotikiswa. Kipimo cha sifuri kinahusu tope lililotulia. Kwa hiyo, ukiwa juu, litibue kwa mti mrefu, kisha upime chini tena. H2S ikipanda, tuseme hadi 60, hakuna wa kushuka: gari la majitaka linyonye, na kazi imalizwe kwa maji ya presha kutoka juu. Ikibaki chini ya mipaka na lazima mtu ashuke, feni isizimwe, kipima gesi kiwe kifuani mwake, na king'ora kikilia avutwe juu bila kuulizwa.

Kisimani gesi za kutazamwa zaidi ni nyingine. Kaboni dioksaidi ni nzito, hukaa chini na kufukuza oksijeni, na kipima gesi cha gesi nne hakiionyeshi kwa jina. Utaiona kupitia O2 inayoshuka, ila mwili huanza kuumia kabla namba haijashuka sana. Ndiyo maana kisimani O2 ikishuka kutoka 20.9 hata kwa nukta chache, mimi naweka feni kwanza.

Hatua ya 7: Taarifa ya maandishi

Mwajiri atoe taarifa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Andika saa ya tukio, saa ya kupiga 114, saa waliyofika, namba za kipima gesi kwa kila kina, na majina ya walioshuhudia. Piga picha ya mfuniko, kamba na tope kama vilivyo. Fundi wa kibarua naye ana haki ya kuandikiwa taarifa hii, hata kama aliitwa kwa simu asubuhi ile bila mkataba wa karatasi. Shimo lizungushiwe uzio, lisifukiwe wala kunyonywa mpaka mkaguzi alione.