Kuomba ruhusa ya paka kwenye nyumba ya kupanga

Ukipanga fleti Nairobi na una paka, mwandikie mwenye nyumba kabla hujalipa dipoziti: "Ni paka jike wa miaka 3, amefungwa uzazi, ana chanjo ya kichaa cha mbwa, hujisaidia kwenye trei ya mchanga na hatoki nje. Nitaongeza nusu ya kodi ya mwezi kwenye dipoziti, nirudishiwe nikihama bila uharibifu." Anachohofia mwenye nyumba ni harufu ya mkojo na malalamiko ya majirani. Pesa hutuliza hofu ya kwanza tu. Ya pili huondolewa na maelezo ya tabia. Akikubali, makubaliano hayo yaandikwe kwenye mkataba, na risiti ya dipoziti ya nyongeza iwe kando. Barua hii haisaidii pale kanuni za jengo zima zinapokataza wanyama.